Mwongozo wa Kusahihisha Insha: Kidato cha Tatu, Muhula wa Pili

Swali: Andika kisa kitakachodhihirisha maana ya methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye." (Alama 20)

Kukadiria. Soma insha nzima kwanza, kalamu ikiwa mezani. Kisha iweke kwenye ngazi: A 16–20, B 11–15, C 6–10, D 1–5. Kisa kiwe na pande zote mbili: mzazi anamdekeza mwana, halafu mzazi huyo huyo anajuta. Mtoto akiharibika na mzazi asitajwe tena, huo ni upande mmoja. Insha isipite 10, hata Kiswahili chake kikiwa kitamu.

Herufi za pambizoni. Andika herufi mkabala wa mstari wenye kosa. Usipigie neno mstari, usiandike jibu.

N – ngeli na upatanisho
T – tahajia
M – msamiati usiofaa
F – tafsiri sisisi au sheng'
K – uakifishaji
A – aya ianze au iunganishwe
✓ – hoja imekamilika

Herufi hizi ziwekwe katika aya mbili tu za kiini cha insha. Kwingine weka ✓ za hoja, basi. Mwanafunzi anayekosea ngeli hukosea ile ile ukurasa mzima; kuionyesha mara thelathini hakumwongezei kitu.

Mfano

Juma aliiba ng'ombe ya jirani na kuiuza. — N N
Mama yake aliria usiku kucha. — T
Alifanya akili yake kumwadhibu. — F

Maoni. Sentensi mbili: ubora mmoja, lengo moja. "Vizuri" peke yake haikubaliki. Kwa insha hiyo:

*Ubora: mama anapomficha mwalimu habari za simu iliyoibwa, tunaona anavyomdekeza Juma bila wewe kutuambia. Lengo N: wanyama huchukua upatanisho wa A-WA, kwa hivyo "ng'ombe wa jirani", ila "rafiki yangu" na "mama yangu" ni sahihi, usiyaguse.*

Kazi ya mwanafunzi. Dakika 15 za mwanzo wa kipindi. Atafute kosa kwenye kila mstari wenye herufi, aandike upya sentensi nzima chini ya insha, kisha atunge sentensi mbili mpya zinazotimiza lengo lake. Akikwama, amuulize jirani kabla ya mwalimu. Alama atasomewa baada ya hapo; akiiona mapema, daftari hufungwa papo hapo. Lengo analinakili juu ya insha inayofuata, na hapo ndipo mwalimu atakapoanza kusoma.

Mtihani wa mwisho wa muhula hautumii herufi hizi. Tutafuata utaratibu wa KNEC: mistari miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya kosa la tahajia, mara ya kwanza tu linapotokea.