Tangazo kwa wanachama wote wa BMU: kamati mpya, na mzani kufunguliwa tena

Assalam aleikum, na salamu kwenu nyote wa diko letu: manahodha, mabaharia, wa mishipi na malema, wachuuzi, mama karanga, na vijana wa barafu.

Uchaguzi uliorudiwa Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024, umemalizika na kamati imepatikana. Waliomo daftarini ni wanachama 236. Waliopiga kura ni 203. Kura 3 ziliharibika, Nahodha Salim akapata 96, nami Mwanamisi nikapata 104. Tumepishana kwa kura 8. Najua kura nane si nyingi, hata mabaharia wa ringineti moja wanazidi hapo. Watu 96 walimtaka mwengine, na kila asubuhi nitakutana nao penye mzani. Ndiyo sababu naandika kwa urefu badala ya kubandika majina mlangoni nikaondoka.

Kwanza nieleze kilichoharibika tarehe 14 Septemba, maana kila baraza ina kisa chake. Siku ile tulipiga kura kwa kusimama foleni nyuma ya mgombea. Wazee walituonya. Wao wanaukumbuka mlolongo wa 1988, foleni ndefu ikishindwa na fupi mbele ya macho ya watu. Hatukusikia, tukaona ni njia ya haraka. Foleni zikachanganyikana chini ya mkungu, wahesabuji wawili wakaja na hesabu mbili, na kabla hawajarudia, sauti ikatoka nyuma kwamba watu 19 kwenye foleni yangu ni "wageni wa dago". Hapo ndipo watu walipovutana mashati.

Neno hilo lazima tulizungumze wazi. Dago tunalijua sote. Upepo wa kaskazi ukianza, wavuvi wanakuja kutoka Pemba, wanapiga kambi miezi kadhaa, wakimaliza wanarudi kwao. Hao ni wageni wetu, wanalipa ada ya mgeni na hawapigi kura. Lakini wale 19 si wa dago. Ni watu waliozaliwa hapa, mama zao wamezikwa hapa, na miaka yote walivua wakijificha kwa kukosa kitambulisho. Serikali iliwatambua Wapemba kuwa Wakenya mwaka 2023. Katika kaunti hii hii ya Kwale tuliwaona ndugu zetu Wamakonde mwaka 2016 wakitoka kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki hiyo hiyo. Mtu aliyeingoja karatasi maisha yake yote hawezi kuambiwa mgeni siku ya kura, na mtu aliyekula naye sinia moja.

Hata hivyo, Nahodha Salim alikuwa na hoja, na hoja yake haikuwa ya kabila. Alisema majina yale hayamo daftarini. Kweli hayakuwamo. Ada walikuwa wamelipa, risiti wanazo, ila katibu aliyepita hakuyahamisha kutoka kitabu cha risiti kwenda kwenye daftari. Kwa hiyo daftari lilisomwa upya jina kwa jina, siku mbili mfululizo, mbele ya afisa wa uvuvi wa kaunti, chifu, na mawakala wa pande zote mbili. Wale 19 waliingia. Majina 6 yalitolewa: wanne ni marehemu, Mungu awarehemu, na wawili walihama zamani. Kati ya hao wawili, mmoja alikuwa amesimama kwenye foleni yangu. Nalisema hili mwenyewe ili mtu asije akaambiwa pembeni.

Mara ya pili tulitumia karatasi na ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani. Kila karatasi iliinuliwa juu na kusomwa kwa sauti. Mawakala wote wanne walitia sahihi fomu ya matokeo, na nakala yake imebandikwa kwenye mlango wa banda la samaki.

Kamati ni ya watu kumi na mmoja. Mwenyekiti ni mimi, wa upande wa mama karanga. Makamu ni Mzee Hamisi wa malema. Katibu ni Rashidi, baharia, mmoja wa wale 19. Mhazini ni Bi Fatuma, mwenye boti mbili, ambaye hakunipigia kura na amenieleza hivyo usoni. Alichaguliwa na wanachama, nami nimefurahi kuwa pesa ziko mikononi mwa mtu asiyenionea haya. Wajumbe saba waliobaki majina yao yako chini ya fomu pale mlangoni. Watatu ni wa ringineti.

Nahodha Salim tulimwomba aingie kama mjumbe wa heshima. Alikataa, akasema watu wake wataona amenunuliwa. Tumemwelewa. Lakini amekubali kusimamia ukaguzi wa daftari kila baada ya miezi mitatu, na daftari atapewa wakati wowote atakapolitaka bila kuniomba ruhusa. Wanaosema amesusa, tafadhali wanyamaze. Tulikaa naye kwenye baraza ya msikiti hadi isha.

Sasa yale yaliyotuuma. Kwa siku kumi na moja mzani wetu ulikuwa na kufuli mbili, kila upande na yake. Niliona kwa macho yangu beseni la changu likivuja maji mekundu, barafu imeyeyuka, na mwenyewe, mjane mwenye watoto wanne, amekaa pembeni yake hataki hata kulifunua. Usiku wa tarehe 16 ngalawa moja ilichanwa tanga kwa kisu. Aliyefanya hivyo jambo lake liko kwa chifu, na hakuna atakayemtafuta kwa mkono wake. Tanga jipya linashonwa kwa mchango wetu sisi kumi na mmoja. Hatukugusa sanduku la kikundi.

Sanduku lenyewe lilifunguliwa Jumapili mbele ya mashahidi. Zilipatikana shilingi 47,350, na kitabu kinasema hivyo hivyo.

Kuhusu tengefu, nasikia inasemwa kuwa nimekuja kuifunga hadi mlango wa bahari ili ringineti zife njaa. Mpaka wa tengefu hautasogezwa hata pima moja na kamati. Ukitaka kusogezwa, utasogezwa na mkutano wa wanachama wote, na watu wa ringineti wakiwamo.

Mzani unafunguliwa kesho Jumanne, baada ya sala ya alfajiri. Kufuli zote mbili zitafunguliwa na wenyewe waliozifunga, na wote wawili wamekubali. Ada inabaki ile ile, shilingi 5 kwa kilo.

Mkutano wa wanachama wote ni Jumamosi, tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, chini ya mkungu. Tumechagua siku ya maji mafu ili watu wa pweza wasikose bamvua. Kila mwanachama aje na risiti yake, hata kama imelowa. Asiyeridhika na matokeo ana haki ya kuandika malalamiko kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti. Asiyejua kuandika, Rashidi ataandika kama atakavyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza, na hakuna atakayekatiwa barafu kwa sababu amelalamika.

Mwanamisi
Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati
Jumatatu, 7 Oktoba 2024