Wa Mwisho Kurudi

Picha ya leo: Ggaba, Kampala. Saa 12:40 asubuhi.

Mtumbwi mmoja. Mtu mmoja. Na kitu mkononi mwake ambacho sitakitaja.

Wavuvi wa dagaa, mukene kama tunavyowaita hapa, hukesha ziwani na taa zao. Samaki hao wadogo hufuata mwanga, wavu ukawasubiri chini. Kunapokucha, taa huzimwa moja moja na mitumbwi hurudi.

Huyu alirudi wa mwisho. Amesimama kwenye omo, kimya.

Hapa karibu na ikweta jua hupanda wima na haraka, kwa hiyo nilikuwa na dakika chache tu. Nikapima mwanga wa anga, si wa uso wake. Ndiyo maana ziwa limekuwa dhahabu naye akawa mweusi tii. Ningeweza kumwangaza baadaye kwenye simu, mkaona macho yake, mkajua kama ni kijana au mzee. Nimekataa. Nampenda hivi alivyo.

Mama mmoja muuza samaki, beseni kichwani, alisimama kando yangu muda wote. Nilipotaka kupaza sauti, akanishika mkono.

“Mwanangu, usimwite. Mwache kwanza afike.”

Sikumwita. Wala sikumuuliza mama anamjua vipi.

Tazameni bega la kushoto. Kisha shukeni mpaka ukingoni mwa picha: kivuli chake kimekanyaga mchanga kabla yake.

#Ggaba #ZiwaViktoria #Kivuli