Daftari la Mzee Juma

Siku ya tatu baada ya maziko ya Mzee Juma, baba yake Hamisi, baba mdogo alilitoa daftari chini ya meza ya duka akamwekea Hamisi magotini. Kaunta buku nene, gamba lake limeshonwa kwa uzi wa magunia, kurasa zanuka mafuta ya taa.

"Wewe ndiye uliyesoma. Kabla ya arubaini nataka kila jina na kila shilingi viingie daftari jipya. Bila hivyo mirathi haigawanyiki."

Hamisi alianza na aliyodaiwa marehemu, maana deni la maiti hulipwa kwanza. Kazi hiyo iliisha jioni moja: magunia mawili ya sukari ya Kakira kwa tajiri wa jumla, na kodi ya chumba ya mwezi mmoja. Kazi ilikuwa kwenye madeni aliyodai.

Mzee Juma alifungua duka hapa Busia, hatua chache kutoka mpakani, zama za magendo. Alikopesha kwa shilingi za Uganda na za Kenya, akitia U au K pembeni. Kwenye kurasa za 1987, serikali ya Uganda ilipobadili pesa na shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya, alipita mstari kwa mstari na wino mwekundu akikata sifuri mbili mbili. Ni mtu wa namna hiyo. Lakini majina hakuandika. "Mama Pacha." "Wa baiskeli nyekundu." "Wa mwembeni." Hakutaka mtoto yeyote wa dukani asome shida za watu kwa sauti.

Zikafuata kurasa za 2020. Mwezi wa tatu mpaka ulifungwa, yakawa yanavuka malori ya mizigo tu. Wanawake waliokuwa wakivusha nyanya na samaki wakakaa nyumbani, vijana wa bodaboda wakakosa abiria. Humo Mzee Juma aliandika mali peke yake: posho kilo 2, sabuni nusu mche, chumvi. Bei hakuna.

"Weka bei ya leo," alisema baba mdogo.

Hamisi alitamani kuzichana kurasa zile. Akaenda kwa sheikh baada ya Isha, akamweleza.

"Fungu lako samehe, mwanangu, Mungu atakulipa," sheikh alisema. "Lakini dada zako wawili bado wadogo. Haki ya yatima si yako kuitoa sadaka. Na bei usiitunge. Aya ya deni, katika Baqara, inasema mwenye kudaiwa ndiye aandikishe. Waite waje waseme wenyewe, na mashahidi wawili wakae."

Basi kila Alasiri benchi likawekwa mbele ya duka. Baba mdogo upande huu, sheikh upande ule, Hamisi katikati na kalamu. Mama yake, aliyekuwa edani, alisikiliza nyuma ya pazia.

Wa baiskeli nyekundu alikuja, akasimama bila kuketi. "Mimi? Mzee mwenyewe yuko wapi aniambie?"

Baba mdogo alipandisha sauti. Hamisi aliandika tarehe, akaandika *Amekana*, akafunga mstari. Mtu yule alisubiri maneno zaidi, hakupata, akaondoka akisukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Mama Pacha alifika amevaa kitenge cha kanisani. "Poleni kwa msiba. Mzee aliniandika ngapi?"

"Sema wewe, mama."

"Posho kilo nane."

Hamisi alitazama daftari la zamani. "Hapa ziko mbili."

"Hizo nilizifuata dukani. Sita alizileta mwenyewe usiku, watoto walikuwa hawajala, na hakuja na kalamu. Andika nane. Nitalipa posho kwa posho, tukishavuna mahindi."

Sheikh alitikisa kichwa kukubali. Hamisi akaandika nane.

Mzee Juma hakuacha wazazi, na palipo na mtoto wa kiume ndugu harithi. Baba mdogo hakuwa na lake humo. Hamisi alikuwa amekwisha kukokotoa kwenye jalada la ndani: mafungu 32, thumni ya mama ni 4, yake 14, kila dada 7. Alichora mstari mbele ya kilo zile nane, akaandika: *Mafungu 14 yamesamehewa na Hamisi bin Juma.*

"Unaandika nini?" aliuliza Mama Pacha, ambaye hakujua kusoma. Alisomewa. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na manne yangu," mama alisema nyuma ya pazia. "Andika."

Hamisi akaandika 18, akahesabu kilichobaki cha wadogo zake, kilo tatu na nusu, akampa baba mdogo kalamu atie sahihi. Baba mdogo alilitazama lile jina la Mama Pacha muda mrefu. Kisha akatia sahihi, na mwenyewe akaita kwa sauti: "Wa mwembeni!"