Sera ya Nidhamu Chanya: Mwongozo wa Walimu na Wafanyakazi wa Shule

1. Inamhusu nani

Sera hii inaanza kutumika siku ya kwanza ya muhula wa kwanza, 2026, katika shule yetu ya Embakasi, kuanzia PP1 hadi Gredi ya 9. Imepitishwa na Bodi ya Usimamizi baada ya vikao na walimu, wazazi na baraza la wanafunzi. Inamfunga kila mtu mzima aliye na mwanafunzi wetu mikononi mwake: mwalimu, mwalimu wa mazoezi, bawabu, mpishi, dereva wa basi, kocha na mzazi anayejitolea. Inafanya kazi hata nje ya lango, kwenye michezo, tamasha za muziki na ziara.

2. Sheria inavyosema

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, kupitia Tangazo la Kisheria Nambari 56. Katiba ya 2010 ikaongeza uzito: Kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu na adhabu ya kipigo, na cha 53 kinamkinga mtoto na kila aina ya ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kiakili. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Kwa hivyo asiseme mtu kwamba Bodi inawanyang'anya walimu haki yao. Haki hiyo haipo tangu 2001, na baadhi ya walimu wetu walikuwa bado wanafunzi sheria ilipobadilika. Kinachokuja na sera hii ni jibu la swali ambalo walimu wameuliza kwa miaka, na wana haki ya kuliuliza: tukiacha kiboko, tushike nini?

3. Yaliyokatazwa

Ni marufuku kumchapa mwanafunzi kwa fimbo, mpira, rula au kofi. Kumfinya, kumvuta sikio, kumpiga kwa kifutio au kumgonga kichwa kwa vidole. Ni marufuku pia kumpigisha magoti, kumsimamisha juani, kumrukisha kichura, kumnyima chakula, au kumfungia nje ya darasa asijue kinachofundishwa. Kupiga magoti kwenye kokoto ni kiboko tu kilichobadilisha umbo.

Maneno nayo yamo. Kumwita mtoto mjinga, kutaja umaskini, kabila au mwili wake, kusoma alama zake kwa sauti ili darasa licheke, au kumvalisha kibao shingoni kwa sababu amesema Sheng au lugha ya mama, yote hayo ni makosa chini ya sera hii.

Alama za chini si kosa la nidhamu. Mtindo wa kuhesabu viboko kwa kila swali lililokosewa umekwisha. Mtoto anayeanguka mtihani anahitaji kufundishwa tena.

4. Ngazi za hatua

Ngazi ya kwanza hushughulikiwa na mwalimu aliye darasani, papo hapo. Hapa ndipo yalipo makosa mengi: kelele, kutofanya kazi ya nyumbani, kutupa taka, kusukumana kwenye foleni ya chakula, kuchelewa. Mwalimu humkumbusha mtoto kanuni, humpa nafasi ya kurekebisha, na humpa matokeo yanayohusiana na kosa. Aliyetupa karatasi aziokote. Aliyechora dawati alisafishe wakati wa mapumziko, mwalimu akiwepo, na bado apate muda wa kula na kwenda msalani. Kusafisha vyoo si matokeo ya kosa lolote.

Ngazi ya pili ni ya mwalimu wa darasa. Kosa linaingia hapa likirudiwa mara tatu ndani ya wiki mbili, au likiwa limemuumiza mwenzake: matusi, kuchukua kitu cha mtu, kupigana bila jeraha. Mwalimu wa darasa huketi na mwanafunzi, humsikiliza, kisha wawili hao huandika makubaliano mafupi: nini kitabadilika, nani atasaidia, na tutaangalia lini. Mzazi hupigiwa simu siku hiyohiyo. Simu hiyo si ya kulalamika. Mwambie kilichotokea, kilichokubaliwa na kile unachomwomba.

Ngazi ya tatu iko kwa naibu mwalimu mkuu na kamati ya nidhamu, pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha. Uonevu unaoendelea, kutoroka shule, wizi wa thamani, kuharibu mali kwa makusudi na kupigana kulikoleta jeraha vinafika hapa. Mzazi huitwa shuleni, mwanafunzi hupewa nafasi ya kujieleza, na aliyeumizwa husikilizwa peke yake kwanza. Asilazimishwe kumpa mkono aliyemuumiza ili sisi watu wazima tuone mambo yamekwisha. Hatua zinaweza kuwa kulipia alichoharibu kwa kazi au fedha kulingana na uwezo wa nyumbani, kuondolewa kwenye uongozi au timu kwa muda, au kufuatiliwa kila siku kwa wiki nne.

Ngazi ya nne ni ya mwalimu mkuu na Bodi: silaha, dawa za kulevya, jaribio la kuchoma mali, shambulio kubwa na ukatili wa kingono. Hakuna kupanda ngazi hapa; jambo linafika juu mara moja. Ukatili wa kingono huripotiwa polisi na kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo, na hausuluhishwi baina ya familia, hata zikiomba. Kusimamisha masomo hufanywa kwa utaratibu wa Bodi pekee na mwanafunzi huondoka na kazi ya kufanya. Mwalimu hana mamlaka ya kumwambia mtoto "nenda nyumbani, usirudi bila mzazi". Mtoto aliyefukuzwa saa nne asubuhi yuko barabarani, wala hayuko nyumbani.

Muhula ukiisha, makosa ya ngazi ya kwanza na ya pili hufutwa. Mtoto haanzi muhula mpya na deni.

5. Dakika ya kwanza

Vurugu nyingi zinazoishia ofisini huwa zimeharibikia katika dakika ya kwanza, na mara nyingi mtu mzima ndiye aliyepandisha sauti kwanza. Tuchukue mfano wa Gredi ya 7, darasa la watoto 68, kipindi cha baada ya chakula cha mchana. Mvulana wa nyuma anaongea, anaambiwa anyamaze, anajibu kwa dharau na wenzake wanaangua kicheko.

Usimjibu ukiwa mbele ya darasa. Wape wengine kazi ya dakika tatu, hata kama ni kunakili mfano kutoka ubaoni. Nenda alipo, simama kando yake badala ya kumsimamia usoni, na useme kwa sauti ya chini:

"Nataka uendelee kuwa darasani. Kuna njia mbili: uanze swali la kwanza sasa, au uhamie pale mbele ufanyie huko. Chagua, nami narudi baada ya dakika mbili."

Kisha ondoka. Kuondoka ndiko kugumu, na ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu mtoto wa miaka 13 hawezi kurudi nyuma wenzake wakimtazama. Akichagua, shukuru kwa neno moja na uendelee. Akikataa, ahirisha mazungumzo hadi kengele, na hapo uulize "nini kilitokea?" kabla ya "kwa nini ulifanya hivyo?". Swali la pili huzaa uongo au kimya.

Ukihisi mkono unataka kuinuka, toka mlangoni, mwite mwalimu wa darasa jirani na upumue. Kila ghorofa imepangiwa mwalimu wa kuitwa kwa kila kipindi, na ratiba iko ukutani katika chumba cha walimu. Kuita msaada hakutaandikwa popote kama udhaifu.

6. Mambo yanayotusumbua kila wiki

Kuchelewa. Lango halifungwi kwa mtoto, hata saa tatu. Bawabu huandika jina kwenye daftari, mtoto huenda darasani moja kwa moja. Akichelewa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, mwalimu wa darasa humuuliza. Kuna wanaopeleka wadogo zao PP1 kwanza, kuna wanaopanga foleni ya maji kwa mitungi kabla ya alfajiri, na mvua ikinyesha Outering Road nzima husimama. Pia kuna wanaocheza njiani. Hawa hawatendewi sawa, na ndiyo maana tunauliza.

Kelele. Orodha ya wenye kelele inayoandikwa na kiranja imefutwa. Inampa mtoto mmoja uwezo wa kulipiza visasi, na sote tunajua majina hufutwa kwa mandazi. Kiranja huripoti, haadhibu.

Simu. Inachukuliwa, inazimwa mbele ya mwenyewe, inawekwa kwenye kabati la naibu na kurudishwa kwa mzazi kabla ya Ijumaa jioni. Hakuna kusoma ujumbe wala kutazama picha.

Kazi ya nyumbani. Uliza kama kuna taa na nafasi ya kuandikia. Chumba cha Gredi ya 6 kinabaki wazi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Alhamisi.

Adhabu ya darasa zima kwa kosa la mmoja hairuhusiwi.

7. Mzazi anayesema "mchape tu"

Wapo, na wengi wao wanasema kwa upendo na uchovu. Jibu kwa heshima: "Mama, nimekusikia na naona unavyohangaika. Sheria hainiruhusu, hata wewe ukiniruhusu. Nisaidie na hili: jioni ukague daftari lake na utie sahihi." Usimruhusu mzazi ampige mtoto ndani ya shule. Ukiona alama za kipigo kwa mtoto, mjulishe mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Afisa wa watoto ataarifiwa. Watoto wote waoneshwe nambari 116, ya bure, ya kuomba msaada.

8. Mfanyakazi akikiuka

Kwanza mtoto anatibiwa na kusikilizwa. Aliyeshuhudia anaripoti kwa mwalimu mkuu ndani ya saa 24. Ikiwa mwalimu mkuu ndiye mtuhumiwa, anaripoti kwa mwenyekiti wa Bodi. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC hufikishwa kwa Tume, na aliyeajiriwa na Bodi hushughulikiwa na Bodi. Mzazi huambiwa ukweli na hazuiwi kwenda polisi. Mwanafunzi aliyesema haulizwi tena mbele ya mwalimu huyo, na hakuna "kumaliza kwa chai" ofisini.

9. Kumbukumbu na mapitio

Kila tukio la ngazi ya pili na kuendelea linaandikwa kwenye daftari la matukio: tarehe, kilichotokea, kilichofanywa. Andika ulichoona, "ni mkaidi" si taarifa. Mwisho wa kila mwezi naibu huangalia ni darasa gani, kipindi gani na mwalimu gani anayejirudia, ili ampelekee msaada.

Mafunzo ya nusu siku hufanyika wiki ya kwanza ya kila muhula na kila mfanyakazi huhudhuria. Fimbo zilizoko kwenye madawati, kabati na nyuma ya milango ya ofisi zikabidhiwe kwa naibu kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo. Bodi itapitia sera hii Novemba 2026, ikiwa na daftari la matukio mezani na wawakilishi wawili wa baraza la wanafunzi.