Uchambuzi wa Tofauti ya Bajeti ya Malighafi: Idara ya Ndoo, Mwezi Machi

Kwa: Meneja wa Idara ya Ndoo
Kutoka: Mhasibu wa Gharama
Nakala: Mkurugenzi wa Fedha, Mkuu wa Ununuzi

Ndugu Meneja,

Taarifa ya mwezi iliyofika mezani kwako inaonyesha kuwa idara imevuka bajeti ya malighafi kwa 4,726,900, yaani asilimia 23.6. Ulilalamika kwenye kikao kwamba namba hiyo inakuonea. Kwa sehemu kubwa una haki, ila si kwa yote.

Bajeti ya 20,000,000 ilipangwa kwa ndoo 10,000. Mlitengeneza 11,800. Ndoo za ziada haziwezi kutoka hewani, kwa hiyo kabla ya kulaumu mtu nimeipanga bajeti upya kwa ndoo mlizotengeneza hasa. Kipimo chetu ni kilo 0.8 za chembe za plastiki kwa ndoo, kila kilo 2,500, sawa na 2,000 kwa ndoo.

| | Kiasi |
|---|---|
| Bajeti ya awali (ndoo 10,000) | 20,000,000 |
| Bajeti iliyorekebishwa (ndoo 11,800) | 23,600,000 |
| Matumizi halisi (kilo 9,735 kwa wastani wa 2,540) | 24,726,900 |

Katika zile 4,726,900, kiasi cha 3,600,000 kimetokana na wingi wa kazi tu. Hicho kisihesabiwe kuwa kosa lako. Kinachobaki ni 1,126,900, asilimia 4.8 juu ya bajeti iliyorekebishwa, na hicho ndicho tunachopaswa kukizungumza.

Bei imechangia 389,400. Kilo 7,788 zilinunuliwa kwa bei ya kawaida. Kilo 1,947 zilizobaki zilichukuliwa kwa haraka kwa msambazaji mwingine kwa 2,700, kwa sababu yule wa siku zote hakuwa na mzigo wa kutosha. Kwa kawaida tofauti ya bei huwekwa mlangoni kwa Ununuzi. Safari hii nasita kufanya hivyo: ombi la mzigo wa ziada liliwafikia siku mbili kabla stoo haijakauka, na kwa siku mbili hakuna anayepata nafuu ya bei. Napendekeza idara zote mbili ziibebe tofauti hiyo.

Matumizi yamechangia 737,500, na hapa ndipo penye kidonda. Ndoo 11,800 zilistahili kilo 9,440. Zimetumika 9,735, yaani zaidi kwa kilo 295. Daftari la mabovu linaeleza kilo 160, karibu zote kutoka mashine namba 3, wiki ya mwisho. Wiki hiyo hiyo mzigo wa msambazaji mpya ulianza kutumika, na zamu ya usiku ilikuwa imeanza. Chembe zenyewe, joto la mashine au ugeni wa vijana wa usiku? Daftari halisemi, nami sitaki kukisia. Lakini kama ni chembe, basi ile haraka ya kununua imetugharimu mara mbili, kwenye bei na kwenye mabovu.

Kilo 135 zilizosalia hazina maelezo yoyote. Kadi ya stoo inaonyesha zimetoka, hakuna zilikoandikwa. Huenda ni ndoo zilizotoka nene kupita kipimo, huenda ni mabovu ya usiku ambayo hayakuandikwa. Kupima ndoo 50 za kila zamu kwa mizani kutatuonyesha kama unene ndio chanzo.

Sasa faida, maana hoja yako ilikuwa kwamba uzalishaji mkubwa umefidia kila kitu. Kila ndoo inayouzwa huacha 900 baada ya gharama zote zinazopanda na kushuka na uzalishaji, kwa viwango vya bajeti. Mauzo yalikuwa ndoo 11,300, zaidi ya bajeti kwa 1,300, kwa hiyo ziada ni 1,170,000. Ukitoa ile 1,126,900 inabaki 43,100. Mwezi mzima wa kukesha, na idara imeongeza kiasi kisichofika hata cha faida ya ndoo 50. Tofauti za vibarua na umeme wa usiku bado sijazigusa. Zitakuja kwenye taarifa yake.

Ndoo 500 zipo ghalani bila oda. Zina malighafi ya 1,000,000 kwa kipimo. Idara ya Mauzo iliomba 1,300 za ziada. Hizi 500 nani aliziagiza? Kama mashine ziliachwa ziendelee kwa kuwa tayari zilikuwa na moto, naelewa, lakini bila hizo tungehitaji kilo 400 pungufu, na mzigo wa bei ya juu tungeupunguza.

Naomba kabla ya Ijumaa unipatie maelezo ya kilo 135, kumbukumbu za joto la mashine namba 3 kwa wiki ya mwisho, na jina la aliyeidhinisha ndoo 500. Kwa taarifa ya wakurugenzi nitaandika 1,126,900 kama tofauti ya idara, si 4,726,900.

Wako katika kazi,
Mhasibu wa Gharama