MKATABA WA KUPANGISHA CHUMBA KIMOJA

Mkataba huu umefanyika leo, tarehe 26 Februari 2026, kati ya Bi. Mwanaidi Hamisi, ambaye humu ataitwa Mwenye Nyumba, na Ndugu Elia Mathayo, ambaye humu ataitwa Mpangaji. Tumeuandika kwa maneno ya kila siku ili kila mmoja ausome mwenyewe na asihitaji wa kumfafanulia. Yale tuliyokubaliana kwa mdomo na hayamo humu, yahesabiwe kuwa hayapo.

1. Chumba

Mwenye Nyumba anampangisha Mpangaji chumba namba 4, cha pili kushoto ukiingia kwa mlango wa mbele, katika nyumba yake yenye vyumba sita. Choo, bafu, uwanja wa nyuma na kamba za kuanikia ni vya wapangaji wote. Chumba ni cha kuishi Mpangaji na mke wake, si cha biashara wala stoo. Mgeni wa siku chache hahitaji ruhusa. Anayekaa zaidi ya siku 14, Mwenye Nyumba aambiwe. Mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine chumba hiki.

2. Muda

Upangaji ni wa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Machi 2026 hadi tarehe 28 Februari 2027. Anayetaka kuendelea au kutoendelea aseme mapema, angalau siku 30 kabla ya mwisho. Mwaka ukiisha, Mpangaji akabaki na kodi ikaendelea kupokelewa, mkataba huu unaendelea mwezi hadi mwezi kwa masharti haya haya.

3. Kodi

Kodi ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Italipwa miezi mitatu mitatu kwa mkupuo, yaani shilingi 225,000, tarehe 1 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mpangaji ana siku tano za ziada bila lawama. Akiona zitapita, aje aseme kabla hazijapita, wakubaliane tarehe na waiandike. Hakuna faini ya kuchelewa.

Kila malipo yatapewa risiti yenye tarehe, kiasi na miezi inayolipiwa. Kodi ikitumwa kwa simu, ujumbe wa malipo utunzwe, na risiti itolewe vilevile. Kodi haitapandishwa ndani ya mwaka huu kwa sababu yoyote, hata nyumba ikipakwa rangi mpya.

4. Amana

Mpangaji anaweka amana, ambayo wengi tunaiita dipoziti, ya shilingi 75,000. Pamoja na kodi ya miezi mitatu ya kwanza, jumla iliyopokelewa leo ni shilingi 300,000, na sahihi ya Mwenye Nyumba hapo chini ndiyo risiti yake.

Amana si kodi. Mpangaji hawezi kusema "nikateni kwenye dipoziti" mwezi wa mwisho, na Mwenye Nyumba hawezi kuihesabu kuwa yake. Ni fedha ya Mpangaji iliyowekwa kwa Mwenye Nyumba, na inaweza kukatwa kwa mambo matatu tu: kodi iliyobaki, sehemu yake ya umeme na maji ambayo hajalipa, na gharama ya kutengeneza alichoharibu. Rangi iliyofifia, sakafu iliyosuguka kwa kutembewa na kitasa kilicholegea kwa kuzeeka ni uchakavu wa kawaida, havikatwi. Kioo kilichovunjwa, mlango uliotobolewa au ufunguo uliopotea vinakatwa, kwa bei halisi ya fundi au ya duka, na risiti yake aonyeshwe Mpangaji.

Amana itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya funguo kukabidhiwa. Kama kuna makato, yaandikwe moja moja. "Chumba kiliharibika" bila maelezo haitoshi.

5. Hali ya chumba siku ya kukabidhiana

Kifungu hiki ni kirefu kwa makusudi, maana ugomvi mwingi wa amana huanzia kwenye kumbukumbu za watu wawili zisizofanana. Leo tumekizunguka chumba pamoja, tukaona haya:

Mlango wa mbao ni mzima, una kitasa na komeo la ndani. Funguo 2 zimekabidhiwa. Dirisha lina nondo na wavu, na wavu umechanika pembe ya chini kulia, upana wa kiganja. Kioo kimoja cha juu kina ufa mrefu lakini hakijaachia. Darini, juu ya dirisha, kuna doa la maji la zamani. Sakafu ya saruji haina shimo. Soketi ni mbili: ya karibu na mlango inafanya kazi, ya karibu na dirisha imelegea na inatoa cheche plagi ikichomekwa. Mwenye Nyumba ataleta fundi abadilishe soketi hiyo kabla ya tarehe 1 Machi, na mpaka hapo isitumike.

Mita ndogo ya umeme ya chumba inasoma 1482. Picha za chumba zimepigwa leo kwa simu ya kila upande.

6. Umeme, maji na matengenezo

Umeme utalipwa kwa mita ndogo, mwisho wa mwezi, kwa bei ile ile ya uniti anayotozwa Mwenye Nyumba. Bili ya maji itagawanywa kwa idadi ya watu wanaoishi katika nyumba, wala si kwa vyumba, na bili yenyewe itabandikwa wote waione.

Paa, kuta, nyaya na mabomba ni juu ya Mwenye Nyumba. Balbu na usafi wa chumba ni juu ya Mpangaji. Mwenye Nyumba hataingia chumbani bila kutoa taarifa ya siku moja, isipokuwa kwa dharura kama moto au bomba lililopasuka.

7. Taarifa ya kuhama na kusitisha

Upande wowote unaweza kusitisha mkataba kwa taarifa ya maandishi ya siku 30. Ujumbe wa simu unakubalika iwapo mwenzake ameujibu. Siku zinahesabiwa kuanzia kesho yake. Kwa mfano, taarifa ikitolewa tarehe 10 Juni, siku ya mwisho ni tarehe 10 Julai.

Kodi iliyokwisha kulipwa kwa siku za mbele itarudishwa pamoja na amana: shilingi 75,000 kwa mwezi kamili, na shilingi 2,500 kwa kila siku ya mwezi usiotimia. Katika mfano huo, Mpangaji aliyelipa hadi tarehe 31 Agosti atarudishiwa siku 21 za Julai, shilingi 52,500, na Agosti yote, shilingi 75,000. Jumla shilingi 127,500.

Kodi ikipita siku 30 bila kulipwa wala kuzungumzwa, Mwenye Nyumba anaweza kutoa taarifa ya siku 14 badala ya 30. Hata hivyo hatabadilisha kitasa, hatakata umeme wala kutoa vyombo nje. Pale sheria inapompa Mpangaji muda au haki zaidi ya iliyoandikwa hapa, sheria ndiyo itakayofuatwa.

8. Sahihi

Mkataba una nakala mbili, na kila upande umebaki na moja. Marekebisho yoyote yataandikwa na kusainiwa na wote wawili.

Mwenye Nyumba: Mwanaidi Hamisi, amesaini na kupokea shilingi 300,000, tarehe 26 Februari 2026.

Mpangaji: Elia Mathayo, amesaini na kupokea funguo 2, tarehe 26 Februari 2026.

Shahidi wa Mwenye Nyumba: Hamisi Salehe, mdogo wake, amesaini.

Shahidi wa Mpangaji: Neema Yohana, mke wake, amesaini.