Tathmini ya lishe: mgonjwa mpya wa siliaki, mwanamke wa miaka 34, Kondele, Kisumu

Kwa daktari aliyemleta. Nimemwona tarehe 14 Mei 2025 kwa saa moja na nusu, akiwa na dada yake. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, na Kidholuo pale dada alipotaja vyakula.

Mgonjwa ana watoto wawili na anaendesha kibanda cha chapati na chai. Kwa miaka mitatu amekuwa akiharisha na kufura tumbo, na mwaka uliopita amepungua kutoka kilo 56 hadi 47.2. Katika kipindi hicho alitibiwa amiba mara nyingi, akapewa dawa za minyoo na mafungu matano ya vidonge vya madini ya chuma, na damu ikakataa kupanda. Ninalitaja hili kwa sababu amechoka kusikia kwamba tatizo ni maji machafu, na nisingetaka tumpe tena majibu ya aina hiyo.

Vipimo vya damu
tTG-IgA, kingamwili ya siliaki, ni 168 U/mL, wakati mwisho wa kawaida wa maabara ni 10. IgA ya jumla ni 2.1 g/L, yaani ya kutosha, kwa hiyo kipimo kina maana. Angekuwa na upungufu wa IgA, tTG-IgA ingeweza kutoka safi huku utumbo ukiendelea kuumia, na tungelazimika kutumia kipimo cha IgG. EMA, kingamwili nyingine ya siliaki, ni chanya. Biopsi ya duodenamu imeonyesha uharibifu wa kiwango cha Marsh 3b, vinyweleo vya utumbo vikiwa vimefupika wazi. Damu na biopsi vilichukuliwa wakati bado anakula chapati tatu au nne kwa siku, kwa hiyo hakuna shaka kuhusu muda. Naomba asirudishwe kupimwa "kuhakikisha" sasa ameacha ngano. Kingamwili zikishuka hatutajua kama ni nafuu au ni kosa la awali.

Mengine: Hb 8.4 g/dL, MCV 68, feritini 5, foleti chini, vitamini D 14 ng/mL, B12 kawaida. Urefu ni sentimita 162, BMI 18.0, mzunguko wa mkono wa juu sentimita 22.

Anachokula
Aliambiwa aache ngano wiki tatu kabla ya kuja kwangu, na ameacha kweli. Maneno yake: "Daktari, chapati nimeacha, lakini tumbo halijaacha." Kuharisha kumepungua kutoka mara sita hadi tatu kwa siku, kisha kukabaki pale pale.

Nilimwomba anisimulie jana yake tangu alipoamka. Asubuhi uji vikombe viwili, saa nne chai ya maziwa na nduma, mchana ugali wa mahindi na omena, jioni uji tena kwa sababu hana nguvu ya kupika, halafu wali na sukuma. Ukiutazama huo mlo haraka, unaona hakuna gluteni, ile protini ya ngano na shayiri inayoumiza utumbo wake. Nikamuuliza unga wa uji anaununua wapi. Anausaga mwenyewe posho mill, akahesabu kwa vidole: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu. Akafika kidole cha sita, akasita. "Na ngano kidogo, ya kulainisha." Gorogoro moja ya ngano kwa kila debe. Dada yake akashika mdomo. Uji ndio alioukimbilia kama chakula salama, mara mbili kwa siku.

Hata akiiondoa hiyo ngano, kinu hicho kinasaga nafaka za kila mteja na mawe hayasafishwi katikati. Kwa mgonjwa wa siliaki, kiasi kinachoweza kuleta madhara ni miligramu kumi na kadhaa za gluteni kwa siku, chembe ambayo huioni. Kiwango cha Kodeksi cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Tumekubaliana anunue wimbi na mtama punje nzima, achague kwa mkono, na asage kwa kinu kidogo cha nyumbani ambacho dada yake atamnunulia. Shaka nyingine ni jina: watu wengi huita oti "shayiri". Shayiri halisi ina gluteni, na oti za dukani mara nyingi zimechanganyika na ngano. Nimemwambia aache zote mbili kwa sasa.

Kibandani
Hapa ndipo ninapohofu zaidi. Anakanda unga wa ngano kilo nne kila siku, akionja chumvi ya unga mbichi na ncha ya ulimi, akipeperusha unga usoni anaposukuma. Vumbi likiingia puani na mdomoni humezwa. Hajawahi kulifikiria hilo kuwa chakula, na mimi nisingeligundua kama asingeninyooshea mikono kunionyesha unga uliobaki kwenye kucha. Kumwambia afunge kibanda leo ni kumwambia alaze watoto njaa. Tumepanga hivi: dada akande na kusukuma kuanzia Jumatatu, mgonjwa abaki na chai na pesa, na ndani ya miezi miwili wajaribu kuuza nduma, viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha asubuhi. Asipike chakula chake kwenye kikaango cha chapati. Nyumbani awe na sufuria, mwiko na chujio vyake, kwa sababu mbao na matundu hushika unga.

Mahali pengine palipojificha: samaki wa kukaanga wa ufuoni, ambao baadhi ya wapishi huwapaka unga wasishike karai, chipsi zilizokaangwa mafuta yale yale, soseji, sosi ya soya, mchuzi mix wa pakiti, ambao lazima asome maandishi yake, vinywaji vya kimea, na bia ya shayiri, ingawa hanywi. Ni Mkatoliki na hupokea hostia kila Jumapili. Hostia ni ya ngano. Amwombe padri apokee divai pekee, kutoka kikombe ambacho hakijatiwa kipande cha hostia, Kanisa linaruhusu. Dawa zake za chuma zichunguzwe wanga uliotumika kuzijaza.

Mpango
Lengo ni kilokalori 2,000 na protini gramu 60 hadi 70 kwa siku. Sasa anafika takriban 1,500 na 45. Omena, mayai, maharagwe, osuga, mchele wa Ahero, njugu alizokaanga mwenyewe. Maziwa nusu kikombe kwa wakati mmoja hadi kuharisha kuishe, kwani utumbo ulioumia mara nyingi hushindwa na laktosi kwa muda. Chai asinywe na mlo wenye chuma; asubiri saa moja. Jambo linalosahaulika: unga wa pakiti nchini huongezwa chuma na foleti kwa sheria tangu 2012. Akiacha ngano na kuanza kujisagia, anapoteza vyote hivyo, kwa hiyo virutubisho vya chuma, foleti na vitamini D visikatizwe. Kama chuma cha kumeza hakijapandisha Hb katika wiki sita, naomba ufikirie cha mshipa.

tTG-IgA irudiwe baada ya miezi 6 na 12. Ikishuka polepole tutafurahi. Isiposhuka, nitarudi kwenye uji na kibanda kabla ya kufikiria kingine. Ikiwa safi, bado haithibitishi kwamba utumbo umepona, kwa hiyo nitaendelea kumuuliza anachokula. Watoto wake wawili na mama yake wapimwe wakiwa bado wanakula ngano. Nimemwonya asiwaachishe ngano mapema.

Atarudi tarehe 28 Mei, na atakuja na paketi za kila kitu kilichoko jikoni.